Umbo Moja, Maana Tatu: Namna ya Kusoma Mishumaa ya Bei ya Kahawa

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Siku hizi katibu wa chama cha msingi hangoji tena gazeti ili ajue bei ya kahawa katika soko la New York. Hufungua simu yake na kuuona mchoro wa bei hapo hapo ghalani, mbele ya mizani. Mchoro huo mara nyingi huwa ni safu ya vijiti vyeupe na vyeusi, au vya kijani na vyekundu, ambavyo huitwa mishumaa. Tena hakosi kijana mmoja katika mkutano wa kueleza kwamba mshumaa wa umbo fulani maana yake bei itapanda, na kwamba kahawa isiuzwe. Hapo ndipo hasara huanzia. Umbo la mshumaa peke yake halisemi neno. Husema kwa kutegemea bei ilikuwa ikitoka wapi, na imefika mahali gani. Mazungumzo haya yanahusu jambo hilo moja, kwa kutumia maumbo matatu yanayotajwa zaidi: nyundo, mmezo na doji.

Asili ya mchoro

Mishumaa ni kazi ya Wajapani, na chanzo chake ni biashara ya mazao. Mjini Osaka palikuwa na soko la mpunga la Dojima, ambalo serikali ya Japani ya wakati ule ililitambua rasmi mwaka 1730. Sehemu kubwa ya biashara pale haikuwa ya magunia yenyewe, bali ya stakabadhi za ghala. Jambo ambalo mwanaushirika wa leo hahitaji kufafanuliwa. Mfanyabiashara mmoja wa mpunga kutoka mji wa Sakata, Homma Munehisa, aliyezaliwa mwaka 1724 na kufariki mwaka 1803, hutajwa kuwa ndiye baba wa elimu hii, kwa kuwa aliandika juu ya tabia ya bei na ya watu wanaonunua na kuuza. Hata hivyo mshumaa kama unavyochorwa leo unaelekea kuwa ulikuja baadaye, katika enzi ya Meiji iliyoanza mwaka 1868. Nchi za Magharibi ziliufahamu kwa upana baada ya Mmarekani Steve Nison kutoa kitabu chake mwaka 1991.

Mshumaa mmoja hueleza kipindi kimoja cha biashara. Kwa mazungumzo haya, siku moja. Hujengwa kwa bei nne: bei ya kufungulia soko, bei ya juu kabisa, bei ya chini kabisa, na bei ya kufungia soko. Nafasi iliyo kati ya kufungulia na kufungia huchorwa nene, nayo ni kiwiliwili. Soko likifunga juu ya lilipofungulia, kiwiliwili huwa cheupe; likifunga chini, huwa cheusi. Mistari myembamba inayotokeza juu na chini ya kiwiliwili ni tambi, nazo huonyesha bei zilizofikiwa mchana kisha zikaachwa. Utambi ni alama ya mahali ambapo bei ilikwenda ikakataliwa. Katibu akilishika hilo tu, amekwisha kupata nusu ya elimu hii.

Maumbo matatu

Nyundo ni mshumaa wenye kiwiliwili kidogo kilichokaa juu, na utambi mrefu wa chini, usiopungua mara mbili ya urefu wa kiwiliwili. Utambi wa juu huwa haupo, au ni mfupi sana. Habari yake ni kwamba wauzaji waliisukuma bei chini sana, lakini kabla soko halijafunga wanunuzi waliirudisha karibu na ilipoanzia.

Mmezo ni mishumaa miwili. Wa kwanza ni wa rangi moja, na wa pili ni wa rangi nyingine, wenye kiwiliwili kirefu kinachokifunika chote kiwiliwili cha jana yake. Mweupe ukiumeza mweusi, wanunuzi wa siku moja wamefuta kazi yote ya wauzaji wa jana na kuongeza juu yake. Mweusi ukiumeza mweupe, mambo ni kinyume chake. Kinachopimwa hapa ni viwiliwili, tambi hazihesabiwi.

Doji ni mshumaa usio na kiwiliwili, au wenye kiwiliwili chembamba kama uzi, kwa sababu soko limefunga pale pale lilipofungulia. Bei inaweza kuwa imezunguka sana mchana, lakini jioni hakuna upande ulioshinda.

Yafaa izingatiwe kwamba maelezo yote haya ni ya siku iliyokwisha kupita. Hakuna hata moja lililosema lolote juu ya kesho. Habari ya kesho hutafutwa katika mambo mawili yaliyo nje ya mshumaa: mwelekeo uliotangulia, na mahali.

Mwelekeo uliotangulia

Wahenga walisema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima wa mlimani anajua kwamba wingu la mwezi Machi si sawa na wingu la mwezi Agosti, ingawa kwa macho yanafanana. La kwanza humfanya atayarishe mbegu. La pili hulitazama likipita. Nyundo nayo ni hivyo hivyo.

Ikiwa bei imekuwa ikishuka kwa wiki tatu, waliomo sokoni ni wauzaji waliozoea kushinda. Wengi wao wameuza mikataba kwa kutarajia kuinunua tena kwa bei ya chini zaidi. Siku ya nyundo wanaisukuma bei chini kama kawaida yao, lakini kwa mara ya kwanza inarudishwa mbele ya macho yao. Waliouza karibu na ncha ya utambi wanalala wakiwa katika hasara. Wakiingiwa na hofu, kesho yake hununua ili wajitoe, na ununuzi wao huipandisha bei. Hiyo ndiyo sababu nyundo baada ya mteremko inaweza kuwa dalili ya kugeuka.

Sasa ichukuliwe nyundo ile ile, bila kubadilisha hata senti moja, ikawekwa juu ya mwinuko wa wiki tatu. Hapa waliomo sokoni ni wanunuzi waliozoea kushinda. Utambi mrefu wa chini ni habari mpya kwao: kwa mara ya kwanza wauzaji wamethubutu kuiangusha bei kwa kiasi kikubwa ndani ya siku moja. Wajapani hawaliiti umbo hilo nyundo tena, bali huliita mtu aliyenyongwa. Jina limebadilika ingawa umbo halikubadilika, na jambo hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba wenye elimu hii tangu zamani hawakulisoma umbo bila kuutazama mwelekeo. Ila onyo la mtu aliyenyongwa ni dhaifu, kwa kuwa siku ile wanunuzi ndio walioirudisha bei. Halihesabiwi mpaka siku inayofuata ifunge chini ya kiwiliwili chake.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo ya kawaida zaidi: bei haipandi wala haishuki, inaelea kati ya kiwango kimoja na kingine kwa wiki kadhaa. Nyundo iliyo katikati ya hali hiyo haina maana yoyote. Hakuna muuzaji aliyezoea kushinda wa kutishwa, wala mnunuzi wa kuonywa. Vivyo hivyo kwa mmezo: katika soko linaloelea viwiliwili huwa vidogo, na mshumaa wa nusu senti kuumeza wa robo senti hutokea mara kwa mara bila sababu. Mmezo unaostahili kutazamwa ni ule ambao kiwiliwili chake ni kirefu kuliko viwiliwili vingi vya wiki mbili zilizopita. Doji nayo katika soko tulivu ni jambo la kila siku; inasema tu kwamba wanunuzi na wauzaji wanasubiri, na hilo lilikuwa linajulikana tayari. Uzito wa doji huja pale inapotokea baada ya mwendo mrefu, hasa wa kupanda. Soko lililokuwa likipanda kwa nguvu kisha likakosa mshindi kwa siku nzima limeonyesha uchovu. Walimu wa mishumaa huipa doji uzito mdogo zaidi baada ya mteremko, kwa hoja kwamba bei huhitaji wanunuzi ili ipande, lakini huweza kushuka kwa uzito wake yenyewe.

Njia nyepesi ya kuutambua mwelekeo ni kutazama vilele na mabonde ya mchoro. Kila kilele kikiwa chini ya kilichotangulia, na kila bonde chini ya lililotangulia, bei inashuka. Vikizidi kupanda, bei inapanda. Vikiwa vimechanganyika, bei inaelea, na mishumaa ya aina zote tatu yafaa iachwe.

Mahali

Jambo la pili ni mahali. Katika mchoro wowote wa miezi kadhaa zipo bei ambazo soko lilizifikia likageuka. Bei ambayo mteremko ulikomea juu yake zaidi ya mara moja huitwa sakafu. Ile ambayo mwinuko ulikomea chini yake huitwa dari. Sakafu na dari si mistari myembamba, bali ni kanda zenye upana wa senti mbili tatu.

Kanda hizo zina nguvu kwa sababu zina watu. Katika sakafu wapo wachomaji kahawa wa Ulaya na Marekani waliokosa kununua mara iliyopita bei ilipofika pale, na sasa wameacha maagizo yao yakisubiri. Wapo pia waliouza juu, wanaochukua faida yao hapo. Nyundo ikitokea katika sakafu, utambi wake unaonyesha kwamba watu hao kweli wamejitokeza. Ikitokea katikati, mbali na sakafu na mbali na dari, hakuna kundi linalojulikana nyuma yake. Inaweza kuwa imetengenezwa na agizo moja kubwa la saa sita mchana ambalo kesho halitarudia.

Kwa hiyo katibu anayetaka kuutumia mchoro huanza kwa kuziandika kanda hizo katika daftari kabla hajatafuta umbo lolote. Anayeanza na umbo kisha akatafuta kanda ya kulisindikiza, ataipata siku zote, kwa kuwa jicho huona linachokitaka.

Mfano wa chama kimoja

Na ichukuliwe mfano wa chama cha msingi chenye ratili 37,500 za arabika safi, yaani kiasi cha mifuko 283 ya kilo 60. Kiasi hicho kimechaguliwa kwa sababu ndicho kipimo cha mkataba mmoja wa arabika katika soko la New York, na hurahisisha hesabu: kila senti moja ya bei ni dola 375 kwa chama. Chama hicho kimekubaliana na mnunuzi kwamba bei itafuata New York, na kwamba chama kitachagua siku ya kukata bei ndani ya miezi miwili. Takwimu zote zifuatazo ni za kufundishia. Tofauti ya ubora, ambayo kwa kweli huongezwa au kupunguzwa juu ya bei ya New York, imeachwa ili hesabu isichanganye.

Bei ilikuwa imeshuka kwa wiki tatu kutoka senti 248 kwa ratili. Katika kushuka ilisimama kwa wiki moja kati ya 228 na 231, kisha ikavunjika tena. Miezi iliyopita iligeuka mara mbili kati ya 205 na 207. Katibu aliandika katika daftari: dari 228 hadi 231, sakafu 205 hadi 207.

Siku moja soko lilifungulia 223, likashuka mpaka 216, likapanda na kufungia 225.5, na bei ya juu kabisa ikawa 226. Kiwiliwili ni senti 2.5, utambi wa chini ni senti 7, wa juu ni nusu senti. Nyundo kamili, tena baada ya mteremko. Wajumbe wawili wa Bodi walitaka kahawa yote izuiwe.

Katibu alirudi kwenye daftari. Mwelekeo ulikubali, lakini mahali hapakukubali. Ncha ya utambi, 216, ilikuwa juu ya sakafu kwa senti 9 nzima, na juu ya nyundo, karibu sana, palikuwa na dari ya 228. Alishauri isubiriwe siku moja, ili ionekane kama soko litafunga juu ya 226, yaani juu ya nyundo yenyewe. Kesho yake lilifungulia 225 na kufungia 221. Nyundo haikuthibitishwa. Bodi iliamua kukata bei ya nusu ya kahawa, ratili 18,750, kwa senti 221, na kupata dola 41,437.50. Siku iliyofuata soko lilifunga 215.5, chini ya ncha ya utambi. Tangu hapo nyundo ile haikuwa na kazi tena: waliorudisha bei siku ile walikuwa wameshindwa.

Wiki mbili baadaye bei ilifika katika sakafu. Siku ya kwanza ilifungulia 209 na kufungia 206.5, mshumaa mweusi. Siku ya pili ilifungulia 206, ikagusa 204.8, kisha ikapanda mpaka kufungia 212. Kiwiliwili cheupe cha 206 hadi 212 kilikifunika chote cheusi cha 206.5 hadi 209, nacho kilikuwa kirefu kuliko viwiliwili vingi vya wiki mbili za nyuma. Safari hii mambo yote mawili yalikubaliana: mteremko mrefu umetangulia, na mahali ni sakafu. Siku ya tatu soko lilifunga 214.5, likathibitisha. Bodi iliizuia nusu iliyobaki, lakini kwa sharti lililoandikwa katika kumbukumbu za kikao: soko likifunga chini ya 204.8, bei itakatwa kesho yake bila mjadala. Sharti hilo ndilo kiini. Mmezo hausemi bei itapanda mpaka wapi, lakini unaonyesha wazi ni bei ipi itathibitisha kwamba usomaji ulikuwa wa makosa.

Baada ya kiasi cha wiki tatu za kupanda, bei iliingia katika ile kanda ya 228 hadi 231. Soko lilifungulia 229, likafika 232, likashuka 226, likafungia 229.1. Doji, baada ya mwinuko, katika dari. Kesho yake lilifunga 224.5, chini ya ncha ya chini ya doji. Chama kikakata bei hiyo na kupata dola 42,093.75.

Hesabu ya mwisho

Jumla ni dola 83,531.25. Kama kahawa yote ingekatwa bei kwa 221 siku ile ya kwanza, jumla ingekuwa dola 82,875. Faida ya kusubiri ni dola 656.25. Lakini nusu ile ilikaa wiki tano zaidi. Kama chama kina mkopo wa benki wa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, riba ya dola 41,437.50 kwa siku 35 ni karibu dola 477. Kilichobaki ni kiasi cha dola 180, kabla ya gharama ya ghala. Kwa kusoma vizuri mara tatu mfululizo, chama hakikutajirika.

Sasa itazamwe hali ya pili. Kama Bodi ingewasikiliza wajumbe wawili, ikazuia kahawa yote kwa kuiamini nyundo, kisha ikaingiwa na hofu bei ilipofika 206 na kuuza yote hapo, ingepata dola 77,250. Hiyo ni pungufu ya dola 5,625 kwa kulinganisha na kuuza kwa 221. Hapo ndipo faida ya elimu hii ilipo. Kazi yake kubwa ni kuzuia kosa kubwa. Kuongeza kipato ni kazi yake ndogo, tena isiyo na hakika.

Mambo yanayopoteza msomaji

La kwanza ni kusoma mshumaa usiokwisha. Biashara ya arabika New York hufunguliwa saa kumi na robo alfajiri na kufungwa saa saba na nusu mchana kwa saa za huko. Kwa saa za Afrika Mashariki, kufunga ni saa mbili na nusu usiku au saa tatu na nusu usiku, kufuatana na majira ya huko. Katibu anayetazama mchoro saa kumi alasiri anatazama mshumaa ambao bado unachorwa. Kinachoonekana nyundo saa hiyo kinaweza kulala kikiwa kiwiliwili kirefu cheusi.

La pili ni kubadilika kwa mwezi wa mkataba. Arabika ya New York huuzwa kwa miezi mitano: Machi, Mei, Julai, Septemba na Desemba. Mwezi mmoja unapokaribia kwisha, mchoro mwingi wa simu huhamia mwezi unaofuata, ambao bei yake si sawa. Mrukio unaoonekana siku hiyo unaweza kutengeneza mmezo ambao hakuna mtu aliyeununua wala kuuuza. Dawa yake ni kutazama mchoro wa mwezi mmoja uliotajwa katika mkataba wa chama.

La tatu ni bei ya kufungulia. Soko la mpunga la zamani lilifungwa usiku mzima, na asubuhi bei ilianza mahali pengine. Masoko ya leo ya mitambo hufanya kazi kwa saa nyingi, na mara nyingi hufungulia karibu sana na lilipofungia jana. Kwa hiyo mmezo wa leo mara nyingi huanzia pale pale kiwiliwili cha jana kilipoishia, na kukimeza kwa upande mmoja tu. Hilo humpa msomaji sababu ya kudai zaidi urefu wa kiwiliwili na uthibitisho wa siku ya pili.

La nne ni habari kubwa. Mwezi Julai 2021 jalidi iliyapiga mashamba ya kahawa ya Brazil, na bei ya New York ikapanda kutoka chini ya senti 170 mpaka juu ya senti 200 ndani ya wiki moja tu. Katika siku kama hizo hakuna dari inayoheshimiwa, na mtu aliyenyongwa au doji ya siku moja haina nguvu mbele ya taarifa ya hali ya hewa kutoka Minas Gerais.

La tano linahusu mnada. Mnada wa Moshi hutoa bei ya siku ya mnada kwa kila fungu na daraja lake. Hautoi bei ya kufungulia, ya juu, ya chini na ya kufungia ya kitu kile kile. Kwa sababu hiyo mishumaa haiwezi kuchorwa kutokana na mnada, na anayejaribu hupata picha ya tofauti za ubora, si ya mwelekeo wa soko. Kwa wenye robusta, mchoro unaofaa ni wa soko la London, ambalo bei yake ni ya dola kwa tani.

Mwisho, upo ushahidi wa kupunguza imani iliyozidi. Mwaka 2006 Ben Marshall na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wa mishumaa ya Kijapani katika hisa za makampuni makubwa ya Marekani. Walipima kununua na kuuza kwa kufuata maumbo hayo, na hawakuona faida inayozidi ile ya bahati. Uchunguzi huo ulikuwa wa hisa na si wa kahawa, lakini unatosha kumzuia mtu asikope fedha za chama kwa ajili ya nyundo.

Maswali manne ya kikao

Kwa hiyo mjumbe atakapoleta mshumaa mbele ya Bodi, yafaa aulizwe maswali manne, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu kabla ya kupiga kura. Bei ilikuwa ikipanda, ikishuka au ikielea kabla ya mshumaa huu? Umetokea katika sakafu, katika dari, au katikati? Je, siku iliyofuata imefunga upande ule ule unaodaiwa? Na ni bei gani ambayo soko likifunga hapo, chama kitakubali kuwa kimekosea na kuuza?

Mjumbe akiwa na umbo tu na hana majibu, kikao kiendelee na ajenda inayofuata. Kahawa ya wanachama itakatwa bei kwa kufuata deni la benki, nafasi ya ghala na siku ya malipo iliyoahidiwa, kama ilivyokuwa kabla ya mchoro kuingia katika simu.